Barua kwa darasa la chati: kwa nini mifano ya kitabuni haikosei

Wanafunzi wangu,

Juma lililopita mmoja wenu aliuliza kwa nini chati za kitabuni hutii maelezo yake, ilhali akifungua chati kwenye simu yake anaona vurugu tupu. Nilimjibu juujuu kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Leo najibu kwa kirefu.

Mwandishi wa kitabu alijua mwisho kabla ya kuchagua mwanzo. Akitaka mfano wa umbo la kichwa na mabega, hakai kulisubiri litokee. Anafungua bei za miaka iliyopita, anatafuta mahali soko lilipoporomoka, kisha anarudi nyuma kidogo kuona kama palikuwa na vilele vitatu, cha kati kikiwa kirefu kuliko vya pembeni. Akivipata, anakata chati kushoto na kulia, anachora mstari wa shingo chini ya vilele, na picha imekamilika. Simlaumu. Mwanafunzi wa siku ya kwanza anahitaji picha safi ili alijue umbo lenyewe. Lakini picha hiyo haikuambii umbo hilo hufanya kazi mara ngapi.

Tazameni mfano ambao si rahisi kuukuta kwenye sura ya kwanza ya kitabu. Mwaka 2009 faharisi ya S&P 500, kipimo cha hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilikuwa imepanda tangu Machi. Mei 8 ilifunga kwenye pointi 929: bega la kushoto. Juni 12 ikafunga 946: kichwa. Ikashuka, ikapanda tena hadi 923 Julai 1: bega la kulia. Wachambuzi wengi waliliona umbo hilo na kulizungumza hadharani. Julai 7 ikafunga 881.

Anayechora mstari wa shingo kwenye 890 aliona umevunjika, akauza. Kanuni inasema upime kutoka kichwani hadi shingoni, yaani 56, kisha utoe kiasi hicho chini ya shingo. Lengo lake likawa 834. Kikomo cha hasara akakiweka juu kidogo ya bega la kulia. Bei ya chini kabisa ya kufunga mwezi huo ilikuwa 879, Julai 10. Julai 15 soko lilifunga juu ya 932, likawa limeshampita na kumtoa kwa hasara. Mwaka ulifungwa kwenye 1115.

Sasa jiulizeni: aliyechora mstari wake kwenye 878 je? Kwa bei za kufunga, kwake mstari haukuvunjika kamwe, na baadaye angeweza kusema kwa utulivu kwamba umbo halikuwahi kukamilika. Hapa ndipo penye ujanja ambao hata mtu mkweli hujifanyia bila kujua. Upande wa kulia ukishaonekana, mkono huusogeza mstari pale unapoleta hadithi nzuri. Umbo lililofaulu huitwa kichwa na mabega. Lililofeli hubadilishwa jina au hufutwa.

Hesabu nayo hugeuzwa. Tuseme, kwa mfano tu, maumbo 100 yametokea, 50 yakafuatwa na anguko na 50 hayakufuatwa. Mwandishi akichukua sita mazuri kutoka kundi la kwanza, msomaji anaona sita kwa sita, wakati soko lilitoa nusu kwa nusu. Kujua kwamba anguko fulani lilitanguliwa na umbo hakukuambii ni maumbo mangapi hayakuzaa anguko lolote. Mfanyabiashara anahitaji jibu la swali hili la pili, kwa kuwa yeye hukutana na umbo kwanza.

Kwa hiyo zoezi ni hili. Mwenzako akuchagulie chati na tarehe, akufiche jina na mwaka, na azibe upande wa kulia kwa karatasi. Kabla karatasi haijasogezwa, andika kwa kalamu ya wino: mstari wa shingo uko bei gani, utauza wapi, kikomo cha hasara kiko wapi, lengo ni lipi. Kisha isogezeni mshumaa mmoja mmoja. Umbo likififia katikati, liandike pia.

Fanyeni mara 30. Msishangilie haraka: kurusha sarafu tu kunaweza kutoa ushindi 20 au zaidi kati ya 30 karibu mara moja katika kila majaribio 20. Zoezi hili halitathibitisha kwamba umbo lina faida, ila litawaonyesha linavyoonekana kabla mwisho haujajulikana.

Leteni madaftari Ijumaa. Lenye ushindi mtupu nitalirudisha bila kulisahihisha.

Mwalimu wenu