Mshale Haujui Kama Mvua Inanyesha

Kila ninapokutana na walimu wa madarasa ya awali, swali ni lilelile: "Chati nzuri ya hali ya hewa inauzwa wapi?" Nimelijibu mpaka nimechoka, kwa sababu chati inayofaa haiuzwi popote. Inatengenezwa na watoto, siku baada ya siku.

Hiyo inayotafutwa madukani naijua. Ni duara la karatasi ngumu lenye jua, wingu, mvua na upepo, nyingine zina hata theluji, na katikati kuna mshale. Asubuhi mwalimu anauzungusha mshale na kuuliza, "Leo hali ya hewa ikoje?" Darasa zima linaitikia, "Leo kuna juaaa!" Kisha wanahamia kwenye siku za juma, na mwalimu anaamini watoto wamejifunza hali ya hewa. Hawajajifunza.

Anayebisha afanye jaribio. Asubuhi ya jua kali, aupeleke mshale kwenye mvua bila kusema neno, halafu aulize swali lake la kila siku. Darasa likiitikia "mvua", amepata jibu lake: watoto wanasoma mshale, mbingu hawana habari nayo. Na katika kuitikia kwa pamoja, wawili watatu wanaotangulia huwabeba wengine wote, hivyo mwalimu hajui nani ameelewa.

Kuna kasoro kubwa kuliko hiyo. Kesho mshale ukizungushwa, ya leo imefutika. Ijumaa huwezi kumwuliza mtoto wiki hii mvua imenyesha siku ngapi, maana hana pa kuangalia. Kitu kisichobakiza jana hakiwezi kumfundisha mtoto kuweka kumbukumbu, hata kipambwe vipi.

Sasa chukua Jumanne moja ya Aprili mjini Tanga, masika yamekolea. Usiku mvua imenyesha, uwanja umejaa madimbwi, lakini asubuhi hii haidondoki hata tone. Mtoto mmoja anasema mvua, mwenzake anakataa, anasema mawingu. Mwalimu wa mshale angewaamulia. Mwalimu anayefundisha anawatoa nje na kumwuliza wa kwanza, "Mvua umeionaje?" Mtoto anaonyesha dimbwi. "Nyoosha kiganja. Kimelowa?" Hakijalowa. "Basi inanyesha, au ilinyesha?" Mtoto anafikiri, anajibu, "Ilinyesha usiku." Hapo ametazama, ametoa ushahidi, na ametenganisha la jana na la sasa kwa maneno yake mwenyewe.

Kisha mwalimu anasema, "Tafuteni vivuli vyenu." Havipo, basi jua limefunikwa. Kivuli kinatosha kujua habari za jua, na mtoto asiambiwe kamwe alitazame jua lenyewe, linaumiza macho. Kwa upepo, kipande chembamba cha khanga kilichofungwa kwenye kijiti kinaeleza yote: kimelala, kinapepea, au kimenyooka. Maneno kama manyunyu, rasharasha na ukungu yafundishwe siku yanapotokea, mtoto akiwa ndani ya jambo lenyewe. Orodha ya kukariri ubaoni haimsaidii.

Wakirudi darasani, mtoto mmoja wa zamu anachora alama ya walichokubaliana kwenye kikadi na kukibandika. Vikadi vyote viwe na ukubwa mmoja, sentimita 5 kwa 5 vinafaa, na vipangwe kuanzia mstari mmoja wa chini kwenda juu, jua safu yake, mawingu safu yake, mvua safu yake. Usipozingatia hili, majua matatu makubwa yatapanda juu kuliko mvua nne ndogo, na mtoto atakuambia jua limeshinda. Hajakosea, chati ndiyo imemdanganya.

Mengine ni mafupi. Huna manila? Tumia upande wa pili wa kalenda ya zamani. Huna kadi? Panga vifuniko vya soda, kila hali na rangi yake. Darasa ni kubwa mno? Toa kundi moja kwa siku, lirudi kuwasimulia wengine. Tazameni saa ileile kila siku, mkiweza na kabla ya kwenda nyumbani, kwa sababu mbingu za asubuhi si za mchana. Siku mliyosahau msibandike kikadi chochote kwa kukisia, na Jumamosi na Jumapili vivyo hivyo. Utabiri wa kwenye simu uache mfukoni, kwani chati hii ni ya kilichoonekana. Kipimajoto si cha umri huu. "Joto" na "baridi" vinatosha. Ijumaa wahesabu vikadi na waseme hali ipi imezidi, na kwa ngapi. Mwisho wa mwezi chati usiibandue: ya Aprili ibaki ukutani mpaka Julai, kisha uwaulize mvua imekwenda wapi, nao watahesabu wenyewe.