Kukataa mwaliko bila kutamka hapana: kutoka Makindu hadi Tiva

Wengi wetu tunaopanda kwenda Nairobi tumewahi kuingia kwenye hekalu la Masingasinga pale Makindu, kaunti ya Makueni, lililojengwa 1926. Unafunika kichwa, unaketi, unaletewa chapati na dengu bila malipo. Shida huanza ukishashiba. Mgawaji hupita tena na tena, na kumwambia "nahin", yaani hapana, kwa Kihindi ni ukavu. Husemwa "bas, bas", na kiganja kikatandazwa juu ya sahani. Neno hilo tunalo sisi pia, "basi", ila kwetu likisimama peke yake ni kama kumkemea mtu. Kwa hiyo tafsiri yake ya adabu ni "Alhamdulillahi, nimeshiba."

Mwaliko wa nyumbani ni mgumu zaidi. Mhindi akikuambia "koshish karunga", maana ya maneno ni "nitajaribu". Kusudio mara nyingi ni kwamba haji. Hapa mfasiri hana kazi kubwa, kwa sababu "Inshallah, nitajitahidi" ya kwetu hubeba shaka hiyo hiyo. Dalili ni saa: anayekuja huuliza karamu inaanza lini na njia ni ipi. Asiyeuliza, usimhesabie sahani.

Kijapani ndicho kinachopoteza watu. Huko Kitui, Wajapani wamefanya kazi na taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, tangu miaka ya 1980, na mashamba ya mbegu za mukau yako Tiva na pia Kibwezi. Tuseme mzee wa Tiva anamwalika mtaalamu Mjapani harusini Jumamosi. Mgeni anavuta pumzi, anasema "Doyoobi wa chotto...", kisha ananyamaza. Neno kwa neno ni "Jumamosi ni kidogo...". Mfasiri akilitoa hivyo, mzee atadhani mgeni ana nafasi ya saa moja, na atamchinjia mbuzi. Kumbe jibu lote limo katika ule ukimya. Mjapani hamalizi sentensi ili mwenyeji aimalizie mwenyewe, asiaibike yeyote. Kiswahili kina mahali pa kuuweka: "Jumamosi hiyo, mzee wangu, unajua tena... mtuwie radhi." Sentensi inabaki wazi, lakini radhi imeombwa, na mzee ameelewa.

Vivyo hivyo "kangaete okimasu", yaani "nitalifikiria". Ofisini kwao aghalabu ni mlango uliofungwa taratibu. Ukilifasiri lilivyo, mwenyeji atarudi wiki ijayo kuulizia jibu. Mimi ningesema, "Kwa safari hii tusameheane." Wapo watakaoona mfasiri amezidisha, kwa kuwa mgeni hakutaja safari wala msamaha. Lakini mbuzi akishachinjwa, hasara ni ya mzee, na mgeni ndiye atakayeitwa mwongo.

Ukiwa na shaka, muulize mgeni faraghani kabla hujafungua kinywa: "Nimwambie asikungoje?" Swali hilo Mjapani hulijibu kwa urahisi, maana halimlazimishi kumkatalia mtu usoni.