Alama za mtihani zichunguzwe umbo kabla ya kupangiwa madaraja

MEI 2013, Serikali ilitangaza kufuta matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 na kuagiza yapangwe upya. Tangu hapo wazazi wengi wanafahamu kuwa daraja la mwanafunzi hutokana na alama zake pamoja na utaratibu wa kuzipanga.

Utaratibu mmojawapo humpa mwanafunzi daraja kwa kutazama yuko juu au chini ya wastani kwa kiasi gani. Msingi wake ni kwamba alama zimekaa katika umbo la kengele, yaani wengi wako karibu na wastani na wachache wako pembezoni. Umbo hilo lisipokuwepo, madaraja hupotosha.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shule moja ya Kilosa mjini na nyingine ya Mikumi zinafanya mtihani wa pamoja wa hisabati, kila moja ikiwa na watahiniwa 20. Mwalimu anazigawa alama zote katika makundi ya kumi kumi na kuhesabu waliomo:

10–19: 2
20–29: 8
30–39: 9
40–49: 2
50–59: 8
60–69: 8
70–79: 3

Wastani ni takriban 45. Mtahiniwa wa katikati, ukiwapanga wote kwa mstari, naye yumo katika kundi la 40–49. Kwa kuwa viwili hivyo vinakaribiana, mwalimu anaweza kudhani mambo ni shwari. La hasha! Kulingana hivyo huonyesha tu kuwa alama hazikuelemea upande mmoja.

Kengele yenye wastani na mtawanyiko kama huo ingeweka watahiniwa 9 hivi katika kundi la 40–49. Hapa wapo 2 tu. Mahali palipotakiwa kuwa na kilele pana bonde, na vilele viwili vimesimama kando yake.

Vilele viwili aghalabu huashiria makundi mawili yaliyochanganywa. Mwalimu atenganishe alama za kila shule na kuzihesabu upya. Pengine shule moja haikumaliza mada zilizotahiniwa. Ikiwa ndivyo, daraja la chini litapima mada ambazo hazikufundishwa, wala si uwezo wa mtoto. Hapo ni heri kutumia viwango vya alama vilivyowekwa kabla ya mtihani.

Hata hivyo, kipimo hiki ni cha kukadiria. Kwa watahiniwa 40, kundi kupungukiwa na mmoja au wawili huweza kuwa bahati tu. Mwalimu abadili mipaka ya makundi, kwa mfano aanzie 15–24, kisha ahesabu tena. Bonde likibaki palepale, asiitumie kengele.