Ng’ombe Anapogeuka “ng’ombe”

Orodha ya wafugaji imeandaliwa Bujumbura, ikapita kwenye kompyuta mbili tatu za Windows, kisha ikafika kwa mtu anayetumia Linux. Mstari uliosomeka “Désiré, ng’ombe 4” sasa unasomeka “Désiré, ng’ombe 4”. Jina la Kifaransa limeharibika, na neno la Kiswahili nalo halikupona, ingawa Kiswahili hakina herufi zenye alama juu. Kilichoponza ni ritifaa. Programu nyingi za kuandikia huibadilisha ile iliyonyooka kuwa iliyopinda, bila mwandishi kuombwa ruhusa, na iliyopinda haimo katika herufi za msingi ambazo kila mfumo huzisoma sawasawa.

Ndani ya faili hakuna herufi, kuna namba tu, yaani baiti. Katika mpangilio wa UTF-8, é huandikwa kwa baiti mbili, C3 na A9. Katika mpangilio wa zamani wa Windows-1252, kila baiti ni herufi kamili: C3 ni Ã, na A9 ni ©. Anayesoma UTF-8 akidhani ni Windows-1252 ataona é. Ritifaa iliyopinda ina baiti tatu, ndiyo maana imezaa vinyangarika vitatu.

Kabla ya kutengeneza chochote, nakili faili kwanza, kisha uzitazame baiti zenyewe:

```
xxd wafugaji.txt | head
```

Tafuta mahali é ilipotakiwa kuwa. Ukikuta `c3a9`, faili ni nzima na kosa ni la programu inayoifungua. Iambie isome kwa UTF-8, kazi imekwisha. Ukikuta `e9` peke yake, faili iko katika Windows-1252 na inahitaji kugeuzwa mara moja kwa `iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8`. Lakini ukikuta `c383c2a9`, mtu aliifungua vibaya njiani, akaihifadhi vilevile. Makosa yameandikwa humo kama herufi halali.

Hali hii ya tatu ndiyo ya orodha yetu, na dawa yake huwashangaza wengi kwa sababu inaonekana kwenda kinyume:

```
iconv -f UTF-8 -t WINDOWS-1252 wafugaji.txt > safi.txt
```

Amri inasema “geuza kwenda Windows-1252”, lakini kinachotoka ni UTF-8 iliyo sahihi. Ã inarudi kuwa C3, © inarudi kuwa A9, na hizo mbili zikikaa pamoja ni é. Tumeirudia hatua ile ile ya kosa, ila kinyumenyume.

Dawa hii haifai kwa faili lililochanganyika. Ikiwa mistari kadhaa iliongezwa baadaye ikiwa sahihi, é zao zitageuzwa kuwa `e9` tupu, na utakuwa umeharibu kilichokuwa kizima. Tenga mistari iliyoharibika, itengeneze peke yake, kisha uirudishe. Kuna pia hasara isiyofutika. Baiti ya pili ya à, yaani A0, huonekana kama nafasi tupu. Mtu akiifuta akidhani anasafisha, habari imepotea. Hali kadhalika ukikuta alama ya kuuliza au � mahali pa herufi: hapo hakuna amri itakayosaidia, itabidi kurudi kwa mwenye orodha umuulize jina lilivyo.

Majina yakishapona, bado kuna ugonjwa usioonekana kwa macho. Windows humaliza mstari kwa baiti mbili, 0D na 0A, urithi wa mashine za teletaipu zilizohitaji agizo moja la kurudisha kichwa cha kuchapia mwanzo wa mstari na jingine la kusogeza karatasi. Linux hutumia 0A pekee. Orodha iliyoandikwa nusu huku na nusu kule hubeba aina zote mbili, na amri ya `file` itakuonyesha `with CRLF, LF line terminators`.

Madhara yake huonekana pale unapohesabu. Mstari “Désiré, ng’ombe 4” uliomo mara mbili, mmoja ukiwa na 0D iliyojificha mwishoni na mwingine hauna, ni mistari miwili tofauti kwa kompyuta. `sort -u`, ambayo kazi yake ni kuondoa marudio, itaibakiza yote miwili, na mfugaji mmoja atahesabiwa kuwa wawili huku wewe ukikodolea macho mistari inayofanana kabisa.

Kwenye Linux, ondoa 0D za mwisho wa mstari, kisha uhesabu mistari ambayo bado inazo:

```
sed -i 's/\r$//' safi.txt
grep -c $'\r' safi.txt
```

Jibu liwe 0. Likizidi hapo, kuna 0D katikati ya mstari. Mara nyingi hutokana na faili la Makintoshi za zamani, zilizomaliza mstari kwa 0D pekee. Hizo usizifute, maana utaunganisha majina ya watu wawili. Zigeuze kuwa 0A kwa `mac2unix`.