Miaka mitano na miezi mitatu

Ukikodi duka katika jengo jipya la mjini nchini Kenya, usishangae kupewa mkataba wa miaka mitano na miezi mitatu. Hiyo miezi mitatu haikuwekwa kwa ukarimu. Sheria ya Kenya ya mwenye nyumba na mpangaji, Sura ya 301, inawalinda wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa ambao mikataba yao haikuandikwa, au imeandikwa lakini haizidi miaka 5. Mpangaji wa aina hiyo hawezi kupandishiwa kodi wala kutolewa bila notisi ya maandishi ya angalau miezi miwili, na anaweza kuipinga mbele ya baraza maalumu. Wenye majengo hawalipendi baraza hilo, ndiyo maana wanavuka miaka mitano kwa miezi michache.

Mpangaji hufurahia muda mrefu, na ana haki ya kufurahi. Asichoambiwa ni kwamba akishatoka chini ya mwavuli wa baraza, kinga yake kubwa inabaki kwenye daftari la ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, upangaji wa miaka 2 au pungufu, usio na kipengele cha kuongeza muda, ni upangaji mfupi. Unaweza kufanywa hata kwa mdomo, na hausajiliwi. Ukizidi hapo, unapaswa kusajiliwa. Wengi hunaswa na hicho kipengele cha kuongeza muda: mkataba wa miaka 2 unaompa mpangaji hiari ya kuendelea kwa mingine 2 hauhesabiwi tena kuwa mfupi.

Tuseme mama mmoja mwoka mikate amekodi chumba Mombasa kwa miaka sita, kodi shilingi 80,000 kwa mwezi. Amejenga tanuri, ameweka vigae na kuvuta umeme mkubwa. Mkataba umetiwa saini mbele ya wakili, nakala yake iko kabatini, naye anaona mambo yamekwisha. Mwaka wa pili mwenye jengo anauza. Mnunuzi anapekua daftari la ardhi na hakuti jina la mpangaji yeyote. Analipa, anapewa hatimiliki, kisha anamwandikia mama barua ya kuhama.

Je, mkataba wa mama ni karatasi tupu? La. Mwaka 1982 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bachelor's Bakery dhidi ya Westlands Securities, ilieleza kuwa upangaji usiosajiliwa unawafunga wale wawili waliotia saini, lakini haumkingi mpangaji dhidi ya mtu wa tatu. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 nayo inasema hati isiyosajiliwa hufanya kazi kama mkataba tu. Kwa hiyo mama anaweza kumshtaki aliyeuza na kudai fidia. Kumlazimisha mnunuzi amwache akae hadi miaka sita itimie ni jambo jingine, na hapo ndipo ana kibarua kigumu.

Hata hiyo fidia ina kikwazo chake. Hati isiyolipiwa ushuru wa stempu haipokelewi kuwa ushahidi katika kesi ya madai mpaka ushuru ulipwe pamoja na faini ya kuchelewa. Msajili wa ardhi naye hawezi kuipokea. Na ushuru wenyewe si wa kutisha: ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka kwa mkataba usiozidi miaka mitatu, na asilimia 2 ukizidi hapo. Kodi ya mama kwa mwaka ni shilingi 960,000, hivyo angelipa 19,200, mara moja tu kwa muda wote wa mkataba. Alipaswa kuzilipa ndani ya siku 30 tangu kutiwa saini. Kwa maoni yangu, mara nyingi kinachokwamisha usajili si fedha hizo. Ni kwamba kila upande unadhani wakili wa upande wa pili ameshughulikia.

Kujua kama kweli ameshughulikia si kazi. Mpangaji aombe upekuzi rasmi wa kiwanja baada ya mkataba kuwasilishwa. Daftari la kila kiwanja lina sehemu tatu: ya kwanza huelezea ardhi yenyewe, ya pili mmiliki, na ya tatu mizigo iliyo juu ya ardhi hiyo, kama vile rehani na upangaji. Mkataba wake usipoonekana katika sehemu ya tatu, haujasajiliwa, hata kama una mihuri ya mawakili kila ukurasa.

Upekuzi huo ni vizuri ufanywe pia kabla ya kutia saini, kwa sababu mara nyingi sehemu hiyohiyo ya tatu huonyesha jina la benki. Jengo likiwa limewekwa rehani, mwenye jengo anahitaji kibali cha maandishi cha benki ili kulipangisha. Kibali kikikosekana, usajili unakwama, na benki ikija kuliuza jengo kwa sababu ya deni, mpangaji hana pa kushika. Kibali hicho kiombwe kabla fundi hajaanza kujenga tanuri.