Kwa Nini Mtu Hupenda Muziki Aupendao: Sofa na Obokano Katika Nchi ya Abagusii (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulikubaliana ya kuwa sikio la mtu halizaliwi na mapenzi yake tayari, bali hufundwa, na ya kuwa mafunzo hayo hayalingani katika nyumba ya tajiri na nyumba ya maskini. Leo nataka kuonyesha jinsi jambo hili linavyotendeka katika Kisii na Nyamira, kwa kuwa nchi hii, ambayo wageni huijua kwa majani yake ya chai na mawe ya sabuni ya Tabaka, imehifadhi katika muda wa miaka mia na zaidi ushahidi mwema wa nadharia ambayo mtungaji wake hakuwa na habari ya Abagusii hata kidogo.

Mtungaji huyo ni Pierre Bourdieu, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1930 katika kijiji cha kusini-magharibi ya nchi yake, mwana wa mfanyakazi wa posta. Alipokwisha kupanda daraja za elimu hata kufika vyuo vikuu vya Parisi, alitambua ya kuwa wenzake waliozaliwa katika nyumba za wasomi walikuwa na kitu ambacho yeye alilazimika kukitafuta kwa taabu: namna ya kusema, ya kukaa, ya kutaja jina la mtunzi wa muziki kana kwamba ni jina la jirani. Kitu hicho alikiita rasilimali ya utamaduni, na katika kitabu kikubwa alichokitoa mwaka 1979 alidai ya kuwa ladha ya mtu katika muziki, kuliko ladha yake katika kitu kingine chochote, hutangaza daraja lake. Rasilimali hiyo, kwa maelezo yake, hukaa mahali patatu: mwilini, kama mazoea ya sauti na viungo, katika vitu, kama vitabu na ala, na katika vyeti, ambavyo serikali au shule hutia muhuri. Iliyo mwilini ndiyo yenye siri kubwa, kwa sababu hurithiwa bila ya wasia, na mwenye kuirithi huonekana kana kwamba amejaliwa kipaji na Mwenyezi Mungu.

Tuitazame siri hiyo kwa karibu. Wamisionari wa Katoliki walifika Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wa Sabato wakajenga kituo chao Nyanchwa, juu ya mji wa Kisii, karibu na wakati huo huo. Na ingawa madhehebu yote mawili yalipata wafuasi, ni Waadventista waliotia rangi maisha ya sehemu kubwa ya nchi, hata leo hii siku ya Jumamosi masoko mengi ya Nyamira hupoa na barabara hujaa watu waliovaa nguo za ibada. Pamoja na Biblia na shule ulikuja uimbaji wa sauti nne, soprano, alto, tena na besi, na pamoja na uimbaji huo zilikuja noti za sofa, zile herufi za d, r, m, f, s, l, t zilizopangwa juu ya ubao kwa nukta na mistari, ambazo kwazo mwalimu aliweza kufundisha wimbo asioujua mtu yeyote katika kijiji bila ya kinanda wala gramafoni.

Sasa fikiri nyumba ya mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, mwenye ekari mbili za chai, jioni ya Ijumaa wakati jua linapotua na Sabato kuingia. Kazi zimekwisha, ng'ombe wamekamwa, na jamaa wamekusanyika sebuleni na vitabu vya nyimbo. Mzee anakohoa kidogo, anatoa sauti ya kuanzia, naye anashika besi. Mkewe anaingia na alto bila ya kutazama kitabu. Binti mkubwa anachukua soprano, na mtoto wa miaka sita, aliyeketi baina ya mama na dada, anayumba mara kwenye sauti hii mara kwenye ile, mpaka mama anamgusa bega na kumwimbia sikioni ile alto polepole. Hakuna aliyesema kwamba hapa pana somo. Lakini mtoto huyo, atakapofika darasani na mwalimu wa kwaya kuchagua waimbaji, ataweza kushikilia sauti ya pili huku wenziwe wakivutwa na ya kwanza, na mwalimu atasema, kwa moyo safi kabisa, ya kuwa mtoto huyu ana kipaji. Atasafiri na kwaya kwenda mashindano, ataona miji, atajulikana na wakuu wa shule, na pengine miaka kumi na mitano baadaye atakuwa mwalimu, ataoa mke wa alto, na jioni ya Ijumaa itakuwa vile vile katika sebule nyingine.

Tuvuke kijito tuingie nyumba ya pili, ya mpiga obokano. Obokano ni kinubi kikubwa cha Abagusii, chenye bakuli pana la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, mikono miwili inayotoka humo na kushikwa kwa juu na mti wa kukingama, na nyuzi nane ambazo zamani zilikuwa za mishipa ya ng'ombe. Mpigaji hukaa kitini, ala ikasimama mbele yake, naye hupiga kwa vidole vya mikono yote miwili huku akiimba. Na sauti yake ni nzito, ya kuvuma, sauti ambayo mtu huisikia kifuani kabla ya kuisikia masikioni. Kuitengeza sauti ni kuvizungusha vifundo vya nyuzi juu ya ule mti wa kukingama, uzi mmoja baada ya mwingine, na hakuna kinachomwongoza mpigaji katika kazi hiyo isipokuwa kumbukumbu yake. Mtoto wa nyumba hii naye hujifunza kabla ya shule. Hujua kuoanisha nyuzi nane, hujua sifa za koo na majina ya watu waliotajwa katika nyimbo, hujua wakati wa kupunguza ala ili maneno yasikike. Kwa haki, elimu yake si nyepesi kuliko ya alto. Walakini kwa muda mrefu shule haikuwa na chumba cha kuiweka, na kanisa liliitazama kwa jicho la shaka, kwa kuwa obokano ilizoea kuvuma mahali wazee walipokunywa pombe, na pombe ni haramu kwa Waadventista. Ala ikahukumiwa kwa dhambi ya kibuyu. Mtoto wa pili alifika darasani akiwa na mali ya fedha isiyopokelewa dukani.

Hapa ndipo ninapoona ya kuwa Bourdieu alisema kweli, na ya kuwa wale wanaodai muziki wa sauti nne ulishinda kwa uzuri wake peke yake hawakutazama vizuri. Uzuri upo, nami naupenda. Lakini uliingia katika mashindano ambamo mwamuzi alikuwa wa upande wake.

Mtu anaweza kuniambia ya kuwa mambo yamebadilika, kwa sababu Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, siku hizi lina makundi ya nyimbo za kienyeji na ala za asili, na watoto wa Kisii na Nyamira hupanda jukwaani na obokano mikononi. Ni kweli, na ni jambo la kushukuriwa. Ila tazama ni nani hufaidika. Wimbo uliozoea kuendelea usiku, ukirefushwa kwa kadiri ya wasikilizaji na kwa kadiri ya majina yaliyostahili kutajwa, hukatwa ukawa wa dakika chache. Mavazi hushonwa sare. Waamuzi hutoa alama kwa karatasi, nao ni watu waliosomea muziki wa noti. Mwalimu aliyekulia katika sebule ya sofa ndiye ajuaye waamuzi hutaka nini, hivyo humwita mpigaji mzee aje kuwaonyesha watoto siku chache, humpa nauli na chakula, na cheti huandikwa jina la shule. Obokano imepanda daraja, lakini mpiga obokano amebaki pale pale.

Jambo jingine ni mwili. Mwanakwaya hufundishwa kusimama wima, mikono ubavuni, macho kwa mwongozaji. Dansi ya Abagusii, kinyume chake, hukaa mabegani, ambayo hutetema upesi huku miguu ikitulia. Benga, iliyozaliwa miongoni mwa Wajaluo majirani na kupokelewa Kisii na watu kama Christopher Monyoncho na bendi yake ya Riakimai, iliyarudishia mabega hayo kazi yake kwa gitaa la umeme, na ndiyo sababu mtu wa daraja la kanisa na shule huona haya kuicheza mbele ya wageni hata kama anaijua neno kwa neno. Na mwaka 2020, mwimbaji wa Kisii aitwaye Embarambamba alipovuma nchini kwa video ambamo aligaagaa matopeni na kuning'inia mitini, naye akisema kwamba anaimba nyimbo za dini, wasomi wengi walichukizwa. Nilisikiliza maneno ya kuchukizwa kwao: hayakuhusu sauti yake wala maneno ya wimbo, yalihusu tope na viungo vilivyotupwa huku na huku. Bourdieu aliandika ya kuwa ladha, kabla ya kuwa mapenzi, ni karaha ya ladha za wengine, na sijaona ushahidi bora kuliko huo.

Lakini nadharia hii isichukuliwe nzima nzima. Ufaransa ya Bourdieu ilikuwa na kilele kimoja cha heshima, na kila mtu alijua kilipo. Hapa vilele ni zaidi ya kimoja, cha kanisa, cha shule na cha Nairobi, na wakati mwingine havitazamani. Tena dini hugawa watu kwa namna isiyofuata fedha: mchuma chai maskini aimbaye besi Sabato ana heshima ambayo mwenye malori ya biashara hawezi kuinunua. Na kijana wa leo aliyesoma mpaka chuo kikuu, akirudi Nyamira kwa likizo, atasikiliza kwaya, benga, muziki wa Kimarekani na obokano kwa siku moja bila ya haya. Richard Peterson na Roger Kern walionyesha mwaka 1996, kwa kulinganisha takwimu za Marekani za mwaka 1982 na 1992, ya kuwa watu wa daraja la juu walikuwa wanaacha kujitenga na muziki wa wengine na kuanza kula kila chakula. Sikubali kwamba hiyo ni dalili ya usawa. Kijana huyo ana ruhusa ya kupenda benga kwa sababu cheti chake kimekwisha kumlinda. Mpiga benga mwenyewe hana cheti, na akiimba kanisani ataulizwa ametoka wapi.

Neno langu la mwisho kwa leo ni kuhusu namna ya kuuliza. Ukimwuliza mtu wa Kisii apenda muziki gani, atakujibu kwa adabu, na adabu itaficha kweli. Mwulize badala yake ni wimbo gani asioweza kukubali upigwe katika maziko ya baba yake mbele ya wachungaji na wakuu wa serikali, na ni wimbo gani marehemu mwenyewe aliupenda alipokuwa peke yake na redio yake. Majibu mawili yakitofautiana, umekwisha kupata mpaka wa daraja. Nawasihi wasomaji wa Kitutu, Bobasi, Machoge, Nyaribari, Bonchari, Mugirango na Borabu wawaulize wazee wao maswali hayo mawili na kuyapeleka majibu kwa mhariri, kila jibu pamoja na kazi ya mzee na kanisa lake, nami nitayatumia katika sehemu ya tatu.