Bei ya mayai ikipanda, mteja wa kudumu aambiwe lini?

Wafugaji wengi wa kuku wa mayai hupandisha bei kwa mdomo wa dereva. Mzigo unafika jikoni hotelini, trei zinahesabiwa, kisha dereva anasema kuwa kuanzia leo bei ni nyingine. Mpokeaji hana mamlaka ya kukubali wala kukataa, kwa hiyo anapokea. Ugomvi huanza mwisho wa mwezi, ankara inapofika kwa mhasibu ambaye mezani kwake ana oda ya ununuzi yenye bei ya zamani. Malipo yanakwama, na mfugaji anadhani hoteli haina fedha.

Chukua mfano wa mfugaji mwenye kuku 1,000 wanaotaga kwa asilimia 80. Anapata mayai 800 kwa siku, na akiondoa yaliyovunjika anabaki na trei 26. Kuku mmoja hula takriban gramu 115 kwa siku, hivyo banda zima linamaliza kilo 115. Tuseme chakula kilikuwa Sh1,000 kwa kilo, na mwishoni mwa Januari, mahindi yanapoadimika kabla ya mavuno, kikapanda hadi Sh1,200. Gharama yake imeongezeka kwa Sh23,000 kila siku. Igawanye kwa trei 26, utapata Sh885 kwa trei.

Hiyo ndiyo nyongeza anayoweza kuitetea mbele ya mteja. Kama alikuwa akiuza trei Sh8,000, bei mpya ya Sh8,900 ina maelezo. Sh9,500 haina, na wateja wakubwa nao wanajua kupiga hesabu.

Hapo kuna mtego mmoja. Kuku wakizeeka na utagaji ukashuka hadi asilimia 65, chakula kinachotumika kupata trei moja hupanda kutoka kilo 4.3 hadi kilo 5.3, hata kama bei ya chakula haijabadilika. Gharama hiyo ni ya mfugaji aliyechelewa kubadilisha kundi. Akiipeleka kwa mteja, mwenzake mwenye kuku wachanga atauza kwa bei ya chini na kumchukulia soko.

Baada ya kupata nyongeza, linabaki swali gumu zaidi: asubiri siku ngapi kabla ya kuanza kuitoza?

Wengi huogopa kutoa notisi ya mwezi mzima kwa sababu wanadhani watakula hasara ya mwezi mzima. Hesabu haisemi hivyo. Mfugaji huyu, siku anapoandika barua, ana magunia 28 ya kilo 50 stoo aliyonunua kwa bei ya zamani. Hayo ni chakula cha siku 12, na kwa siku hizo gharama yake halisi haijapanda. Pia si trei zote 26 zinazokwenda kwa wateja wa kudumu. Trei 10 huuzwa getini kwa fedha taslimu, na hao anaweza kuwabadilishia bei siku yoyote kwa kubandika karatasi ukutani. Zinabaki trei 16: hoteli 6, bekari 6 na shule ya bweni 4.

Akitoa barua tarehe 27 Januari na bei mpya ikaanza 1 Machi, zinapita siku 33 katika mwaka wa kawaida. Ondoa 12 za chakula cha zamani, zinabaki 21. Trei 16 kwa Sh885 kwa siku 21 ni Sh297,360. Hiyo ndiyo bei ya notisi. Sasa ailinganishe na kumpoteza mteja mmoja. Hoteli ikikasirika na kuhama, trei zake 6 zitakwenda kwa mchuuzi wa jumla, tuseme kwa Sh7,500 badala ya Sh8,900. Anapoteza Sh8,400 kila siku, na ndani ya siku 36 amepoteza zaidi ya gharama yote ya notisi.

Kwa nini iwe 1 Machi na si katikati ya Februari? Kwa sababu hoteli hulipa kwa ankara ya mwezi. Bei ikibadilika tarehe 14, ankara moja itakuwa na bei mbili, na ankara ya namna hiyo ndiyo hulala mezani. Mwezi mmoja pia unampa mpishi na mhasibu muda wa kubadilisha oda ya ununuzi na bei za vyakula vyao. Bekari ingeweza kujirekebisha kwa wiki moja au mbili, lakini kumpa mteja mmoja muda mfupi kuliko mwingine ni kuchokoza, maana wapishi na waokaji hukutana sokoni.

Shule ni habari nyingine. Ada ya muhula imeshapangwa na wazazi wameshalipa, na huenda kuna mkataba wa bei hadi Juni. Penye mkataba wa namna hiyo, barua haibadilishi kitu mpaka upande wa pili ukubali. Notisi haiwezi kuvunja makubaliano yaliyotiwa saini. Kinachowezekana ni kukaa na mwalimu mkuu na kubadilishana: bei ya zamani ibaki hadi mwisho wa muhula, na shule ilipe mwezi mmoja mbele. Fedha hiyo itanunua chakula kabla hakijapanda tena.

Barua yenyewe iwe fupi na itoshe ukurasa mmoja. Kwa hoteli inaweza kusomeka hivi:

“27 Januari. Kwa Meneja Ununuzi. Yah: Mabadiliko ya bei ya mayai kuanzia 1 Machi. Bei ya trei moja ya mayai 30 itabadilika kutoka Sh8,000 kuwa Sh8,900. Bei mpya itahusu mzigo utakaopokelewa kwenu kuanzia 1 Machi. Mzigo utakaopokelewa hadi 28 Februari, pamoja na oda zilizokwisha kulipiwa, utabaki kwa bei ya sasa. Sababu ni kupanda kwa bei ya chakula cha kuku. Siku za kuleta mzigo na masharti ya malipo havibadiliki. Tunaomba mtuandikie oda mpya ya ununuzi kabla ya 20 Februari.”

Maneno “utakaopokelewa” yana kazi kubwa. Oda iliyopigwa kwa simu 27 Februari na kufikishwa 1 Machi itozwe bei ipi? Bila neno hilo kila upande utachagua jibu linalomfaa. Barua ipelekwe kwa mkono, nakala igongwe mhuri na kurudi kwenye faili, na wateja wote waipate siku ileile.

Mayai hukaa, kwa hiyo wapo watakaotaka kujaza stoo wiki ya mwisho ya Februari. Mfugaji aamue mapema kuwa katika wiki hizo kila mteja atapata kiasi chake cha kawaida, awaambie hivyo. Asipofanya hivyo, atamaliza mayai kwa bei ya zamani na Machi ataanza bila oda.

Jambo moja la kuepuka ni wafugaji wanaoshindana kukutana na kutoa barua za bei moja. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupanga bei pamoja. Kila mmoja apige hesabu za banda lake.

Baada ya 1 Machi, dalili ya kuangalia ni oda, si malalamiko. Mteja anayelalamika bado anataka kununua. Anayeshuka kimya kutoka trei 6 hadi 4, huku wageni hotelini ni walewale, ameshaanza kupokea mayai ya mtu mwingine, na huyo anahitaji kutembelewa na mwenye banda wiki hiyohiyo.